Bamba la kitako: zuri likakataliwa, bovu likapita. Uchambuzi wa datamu na ubapa kwenye mchoro mmoja

Kisa hiki kinahusu bamba la chuma lenye urefu wa milimita 400, upana wa 280 na unene wa 25. Upande wa chini hukaa juu ya fremu ya mashine na kufungwa kwa bolti nne za M10 kwenye pembe. Upande wa juu una kanda mbili zilizoinuka kidogo, zinazokwenda sambamba na urefu wa bamba, na umbali kati ya katikati ya moja na ya nyingine ni milimita 180. Juu ya kila ukanda hufungwa reli ya mwendo, na juu ya reli hupita meza ndogo iliyobebwa na vigari vinne, viwili kwa kila reli.

Mabamba mawili yalichongwa kwa mchoro uleule, kila moja katika karakana yake. La kwanza lilipimwa juu ya meza ya graniti kwa saa ya kupimia. Saa ikaonyesha tofauti ya 0.044, mchoro unadai 0.02, bamba likakataliwa. La pili lilipimwa kwa mashine ya kupimia yenye kompyuta, kila ukanda ukatoa ubapa chini ya 0.003, bamba likapita kwa sifa. Lilipofungwa reli, meza ilitembea laini katikati, ikawa nzito kadiri inavyokaribia ncha, huku na huku. Bamba lililokataliwa, lilipokuja kupimwa upya kwa namna sahihi, lilionekana kufaa kabisa.

Wakaguzi wote wawili walipima vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye mchoro, kwa sababu uliruhusu kusomwa kwa namna mbili, na katika namna zote mbili haukuuliza swali ambalo reli zinauliza.

Mchoro wa kwanza ulisema nini

Mambo manne yanatosha kuueleza. Unene uliandikwa 25 ±0.1. Kila ukanda wa juu ulikuwa na kisanduku hiki:

```
⏥ | 0.02 | A
```

Pembetatu ya datamu A, yaani rejeo ambalo vipimo vingine huanzia, ilichorwa ikigusa mstari wa kipimo cha unene, palepale kwenye mshale wa 25. Na matundu ya hesi ya kufungia reli yalipimwa kutoka kwenye kingo mbili za bamba, kila umbali ukiwa na ±0.05, ilhali kingo zenyewe zilikuwa zimekatwa kwa msumeno na hazikutakiwa kuchongwa.

Tuanze na kisanduku, maana ndicho kilichozaa ugomvi. Msambamba mdogo ulioinama ni alama ya ubapa. Ubapa huuliza jambo moja tu: je, uso huu mzima unaweza kuingia katikati ya bapa mbili sambamba zilizoachana kwa 0.02? Bapa hizo mbili hazina uhusiano na kitu kingine chochote. Zinaruhusiwa kuinama, kuelea, kugeuka kokote, mradi zinaukumbatia uso huo. Uso ulioinama nyuzi 5 kuhusiana na upande wa chini unaweza kuwa na ubapa mzuri kuliko wote. Ndiyo maana alama ya ubapa haipokei herufi ya datamu kamwe, si katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1101 wala katika kile cha Marekani cha ASME Y14.5. Ukiona herufi baada ya thamani ya ubapa, ujue mchoraji alikuwa na maswali mawili kichwani akayabana kwenye kisanduku kimoja: uso uwe bapa, na pia uwe sambamba na kitu fulani. Msomaji analazimika kuchagua mojawapo.

Mkaguzi wa kwanza aliiheshimu herufi A. Aliliweka bamba juu ya graniti, akapitisha saa juu ya kanda, akasoma tofauti kubwa zaidi. Kipimo hicho ni cha usambamba na upande wa chini. Mkaguzi wa pili aliiheshimu alama, akaipuuza herufi, akapima kila ukanda peke yake. Kipimo hicho ni cha ubapa. Kila mmoja alikuwa na haki yake.

Sasa pembetatu ya A. Mahali inapogusa panabadilisha maana yake, na kosa hili hupita mbele ya macho mengi bila kuonekana. Ikigusa mstari wa uso wenyewe, au mstari wa kuendeleza uso huo mbali na mshale wa kipimo, datamu ni uso huo. Ikikaa sawasawa na mstari wa kipimo, kama hapa, datamu si uso tena: ni bapa ya katikati ya unene, inayopatikana kwa kuzibana pande zote mbili za bamba. Hakuna aliyekusudia hilo. Bamba halikai juu ya katikati ya unene wake, linakaa juu ya upande wa chini. Kusogeza pembetatu milimita chache kwenye karatasi kungeondoa kosa lote.

Unene nao uliaminiwa kupita uwezo wake. Wengi hudhani kwamba 25 ±0.1 tayari inalilazimisha bamba liwe nyoofu kwa kiasi fulani. Chini ya ASME, kipimo cha ukubwa hubeba bahasha: bamba likiwa na unene wa juu kabisa, 25.1, lazima liwe bapa kamili, na kupinda kunaruhusiwa tu kadiri linavyokuwa jembamba. Mkengeuko wa ubapa wa uso hauwezi kuzidi 0.2. Chini ya ISO hali ni tofauti. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila tolaransi, yaani kiasi cha mkengeuko kinachoruhusiwa, hujitegemea, hivyo unene hupimwa nukta kwa nukta kati ya pande mbili, na bamba lililopinda kama gamba linaweza kuwa na unene wa 25.00 kila mahali. Anayetaka bahasha chini ya ISO huandika alama Ⓔ kando ya kipimo. Mchoro huu haukutaja hata unafuata kanuni zipi, kwa hiyo hata swali hilo halikuwa na jibu.

Vipimo vya bamba lililokataliwa

Saa ilisomwa mahali patano kwa kila ukanda, kuanzia milimita 20 kutoka ncha na kuendelea kila milimita 90, bamba likiwa limelala juu ya graniti. Thamani ni za maikroni, yaani elfu moja ya milimita:

```
Ukanda 1:   0    9   16   28   40
Ukanda 2:   4   12   18   32   44
```

Ukitazama nambari zinavyopanda, jambo la kwanza linaloonekana ni mteremko: upande mmoja wa bamba ni mnene kuliko mwingine kwa takriban maikroni 40. Mteremko wa namna hiyo hauisumbui reli hata kidogo. Meza itapanda maikroni 40 katika safari ya milimita 360, na kwa kazi ya mashine hii hilo linaruhusiwa.

Ondoa sasa mteremko. Kwenye ukanda wa 1, bapa kamili ingesoma 0, 10, 20, 30, 40. Kwenye ukanda wa 2 ingesoma 4, 14, 24, 34, 44. Toa nambari hizi kutoka kwenye vipimo:

```
Ukanda 1:   0   -1   -4   -2    0
Ukanda 2:   0   -2   -6   -2    0
```

Kilichobaki ni ubonyeo mdogo katikati, na kanda zote mbili kwa pamoja zinaingia ndani ya maikroni 6. Dai lilikuwa 20. Bamba lililotupwa pembeni lilikuwa na kanda bora mara tatu kuliko zilivyohitajika. Kosa la kusoma usambamba na kuuita ubapa liligharimu kazi nzima ya bamba hilo.

Vipimo vya bamba lililopita

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na uzito, kwa kuwa bamba la pili lingepita ukaguzi wowote wa ubapa unaotazama kanda moja moja. Likiwekwa juu ya graniti kwa utaratibu uleule, lilisoma hivi:

```
Ukanda 1:    0    1    2    1    0
Ukanda 2:  -20   -9    4   15   28
```

Ukanda wa 1 peke yake una ubapa wa maikroni 2. Ukanda wa 2 peke yake umeinama, ila umenyooka mno: ondoa mteremko wake na kinabaki maikroni 1. Mashine ya kupimia haikukosea iliposema kila ukanda uko chini ya 0.003.

Lakini ziangalie kanda zote mbili pamoja. Upande wa kushoto, ukanda wa 2 uko chini ya mwenzake kwa maikroni 20. Kulia, uko juu kwa 28. Bamba limesokoteka. Ukijaribu kulazimisha bapa moja kwa kanda zote, njia bora ni kuugawa msokoto nusu kwa nusu, na hata hapo kinabaki eneo la maikroni 24. Hakuna bapa nyingine itakayopunguza zaidi, maana pembe mbili za mshazari zinabaki juu na mbili nyingine chini, kama tandiko la farasi.

Meza ikiwa katikati, reli mbili ziko karibu usawa mmoja. Ikisogea kushoto, reli ya pili inashuka. Ikisogea kulia, inapanda. Vigari vina mbano wa ndani, havina pa kuikwepa tofauti hiyo, basi vinaibeba kama mzigo. Ndiyo sababu ya uzito kwenye ncha na ulaini katikati. Fundi wa kufunga akikutana na dalili hiyo, kulegeza bolti za reli na kuzikaza upya hakutamsaidia sana. Hilo hutibu reli zisizo sambamba kwa upande, na hapa shida iko katika urefu wa kwenda juu.

Alama ya ubapa, ikielekezwa kwenye nyuso mbili zilizotengana, huzungumza na kila uso kivyake. Kuandika "2X" mbele yake hakubadilishi lolote. Maana yake ni kwamba sharti lilelile linarudiwa mara mbili. Ili kudai kwamba nyuso mbili ziwe katika bapa moja, ISO hutumia herufi CZ baada ya thamani, yaani eneo moja linalozikusanya zote. ASME haina njia hiyo kwa ubapa. Huko hutumika alama ya umbo la uso, ikielekezwa kwa nyuso zote mbili kwa pamoja, nayo huzishika kama uso mmoja uliokatizwa. Mchoraji anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine aiangalie tofauti hii kwanza.

Kuchagua datamu upya

Swali la datamu ya kwanza hujibiwa kwa kutazama jinsi kipande kinavyokaa katika mashine. Mchoro wa kwanza uliushughulikia upande wa juu kwa sababu ndio wenye kazi nyeti. Lakini unyeti hauufanyi uso kuwa datamu. Datamu ya kwanza ni pale kipande kinapopumzikia, na bamba hili linapumzika juu ya fremu kwa upande wake wa chini. Huo ndio A.

Datamu ya kwanza hushikwa kwa nukta tatu za juu kabisa, nazo huzuia bamba kupanda na kushuka na kuinama pande mbili. Ya pili, B, hushikwa kwa nukta mbili: huzuia kusogea upande mmoja na kuzunguka. Ya tatu, C, nukta moja, huzuia mwendo uliobaki. Mpangilio wa herufi ndani ya kisanduku ndio mpangilio wa kugusa. Badilisha A|B|C kuwa B|A|C na umemwambia mkaguzi alisimamishe bamba kwa ukingo wake wa milimita 25 na kuuamini ukingo huo kuliko uso wa 400 kwa 280.

B ilipewa ukingo mrefu, C ukingo mfupi, na zote mbili zikaamriwa kuchongwa. Ukingo uliokatwa kwa msumeno una mabonde na mteremko wake. Kudai ±0.05 kutoka kwenye ukingo kama huo ni kudai kisichopimika: kila mara bamba linapoegeshwa, nukta tofauti ndizo zinazogusa, na kipimo kinabadilika ingawa tundu halijasogea. Iwapo kuchonga kingo hakuwezekani, kama kwenye kipande cha kusubu, suluhisho ni kuteua nukta maalumu za kuegesha na kuziandika kwenye mchoro kwa mahali pake, ili fundi na mkaguzi waguse palepale.

Uso wa A nao ulihitaji kurekebishwa kabla ya kupewa herufi. Uso mpana ukibinuka katikati hata kwa maikroni 20, bamba huyumba juu ya graniti, na kila likiyumba unapata vipimo vipya vya usambamba. Kuna kanuni za kihesabu za kuamua mkao wa uso unaoyumba, ila ni bora zaidi kuuzuia usiyumbe. Upande wa chini ulichimbwa katikati kwa kina cha 0.5, zikabaki kanda mbili pana za milimita 60 kwenye ncha mbili, chini ya bolti. Sasa bamba linakaa kwenye ncha zake, mahali fremu inapoligusa. Faida nyingine: eneo la kuchongwa kwa uangalifu limepungua kwa zaidi ya nusu.

Mchoro wa pili

Baada ya hapo visanduku viliandikwa hivi, chini ya ISO 1101; ⊥ ni alama ya uwima, ∥ ya usambamba, ⌖ ya mahali pa tundu:

```
Chini, kanda 2:        ⏥ | 0.03 CZ            datamu A
Ukingo mrefu:          ⊥ | 0.05 | A           datamu B
Ukingo mfupi:          ⊥ | 0.05 | A | B       datamu C
Juu, kanda 2 za reli:  ⏥ | 0.02 CZ
                       ∥ | 0.05 CZ | A
Matundu ya hesi:       ⌖ | ⌀0.2 | A | B | C
```

Kanda za reli zina visanduku viwili kwa sababu maswali ni mawili. Usambamba wa 0.05 unaeleza mteremko unaovumilika kutoka A. Ubapa wa 0.02 unaeleza jinsi reli mbili zinavyopaswa kuelewana. Ubapa lazima uwe mdogo kuliko usambamba, la sivyo hauna kazi: uso ulioingia kati ya bapa mbili za 0.05 zilizo sambamba na A tayari una ubapa usiozidi 0.05. Ukikuta mchoro wenye usambamba 0.03 na ubapa 0.05 juu ya uso mmoja, futa wa ubapa.

Rudi kwenye mabamba yetu. La kwanza lina usambamba wa 0.044 na ubapa wa pamoja wa 0.006: linapita yote mawili. La pili, kutoka -20 hadi 28, lina usambamba wa 0.048: linapita. Ubapa wake wa pamoja ni 0.024: linaanguka. Mchoro sasa unatoa hukumu ileile ambayo reli zingeitoa.

Mahali pa matundu paliandikwa kwa vipimo kamili ndani ya vijisanduku, bila ±, na tolaransi ikawa duara la 0.2 kuzunguka mahali pa kinadharia. Tundu la hesi halihitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa reli ina nafasi yake kwenye matundu na hupangwa kwa saa wakati wa kufunga. Ile ±0.05 ya mwanzo ilikuwa gharama isiyonunua chochote.

Sehemu nyingine za uso wa juu, kati ya kanda, hazikuandikiwa ubapa wowote. Ziliachiwa tolaransi ya jumla ya mchoro, nayo lazima iandikwe na itazamwe kwa nambari zake. Daraja la K la ISO 2768-2, kiwango kilichoondolewa mwaka 2021, kwa mfano, liliruhusu mkengeuko wa ubapa hadi 0.6 kwa urefu wa zaidi ya milimita 300 hadi 1000. Kwa uso usiogusa chochote, si neno. Anayedhani tolaransi ya jumla itamlindia kanda za reli aikumbuke nambari hiyo.

Karakanani: ubapa unavyopatikana na unavyopotea

Msokoto wa bamba la pili ulitoka kwenye klampu. Bamba ghafi halikuwa bapa kwa chini. Liliwekwa juu ya meza ya mashine ya milingi, pembe moja ikabaki hewani, klampu ikaishusha. Kisu kikasawazisha uso wa juu vizuri, bamba likiwa limelazimishwa. Klampu zilipofunguliwa, pembe ilirudi juu na kuuchukua uso mpya pamoja nayo. Kosa hili halionekani bamba likiwa bado mashineni; saa ikipitishwa hapo hapo itasoma sifuri kila mahali.

Dawa yake ni kufuata mfuatano. Kwanza, kabla ya kukaza, pitisha fila geji, yaani vibati vya kupimia mwanya, chini ya kila klampu, na penye mwanya weka shimu, kipande chembamba cha kuujaza. Kisha weka saa juu ya bamba karibu na klampu na ukaze: sindano ikisogea zaidi ya maikroni 5, bado unapinda bamba. Chonga pande zote mbili kwa kupokezana, ukiacha takriban 0.5 kila upande. Fungua, ligeuze, acha chuma kitulie. Chuma kilichoviringishwa baridi kina mkazo ndani ya ngozi yake, na kuiondoa ngozi ya upande mmoja tu hulifanya bamba lijipinde lenyewe bila kuguswa na klampu. Ikiwa kazi inaruhusu, kupasha bamba hadi kati ya nyuzi joto 550 na 650 za Selsiasi na kulipoza polepole tanuruni baada ya mchongo wa kwanza huondoa sehemu kubwa ya mkazo huo. Mchongo wa mwisho uwe mwepesi, klampu zikiwa zimekazwa kwa kiasi cha kulizuia bamba lisihame tu. A hukamilishwa kwanza, halafu bamba hulazwa juu ya A kuchonga kanda za reli, ili lishikwe mashineni kama litakavyoshikwa kwenye fremu.

Joto ni adui ambaye wengi hawamhesabu. Chuma hutanuka kama maikroni 11.5 kwa kila mita kwa nyuzi joto moja, na kupinda kwa bamba lenye upande mmoja moto kuliko mwingine hupatikana hivi, h ikiwa kiasi cha kupinda, α utanukaji, ΔT tofauti ya joto, L urefu na t unene:

```
h = α · ΔT · L² / (8 · t)
h = 0.0000115 × 1 × 400² / (8 × 25) = 0.0092 mm
```

Tofauti ya nyuzi moja tu kati ya juu na chini hulipinda bamba kwa maikroni 9, karibu nusu ya tolaransi nzima. Bamba lililotoka mashineni likiwa vuguvugu, likawekwa juu ya graniti baridi, litasoma uongo kwa muda mrefu. Liache chumba cha kupimia usiku kucha, likiwa juu ya vipande vitatu vya kuliinua ili hewa ipite pande zote. Uzito wa bamba lenyewe, kwa kulinganisha, haudhuru: likishikwa kwenye ncha zake mbili hulegea kwa takriban maikroni 2.

Kupima bila kuchanganya tena

Usambamba hupimwa bamba likiwa limelala juu ya A kwenye graniti, baada ya kuondoa makali ya chuma yaliyobaki kingoni kwa jiwe la mafuta. Pitisha saa kwenye kanda zote mbili bila kuirudisha sifuri njiani. Tofauti ya juu na chini ndiyo jibu, isizidi 0.05.

Ubapa hupatikana kwa vipimo hivyohivyo ukiondoa mteremko kwa hesabu kama ilivyofanyika hapo juu, au kwa kuliinua bamba juu ya jeki tatu ndogo na kuzirekebisha hadi pembe tatu zisome sifuri. Njia ya jeki ina mtego. Kwa bamba lililosokoteka, pembe tatu zikiwa sifuri, msokoto wote huhamia pembe ya nne: bamba la pili lingesoma 48 hapo, ilhali ubapa wake halisi ni 24. Basi jeki zinapotoa jibu lililo chini ya 0.02, likubali. Zikitoa zaidi, usikatae kwanza. Gawa kosa kati ya pembe za mshazari, soma tena. Kwenye mashine ya kupimia, chagua hesabu ya eneo dogo kabisa na uhakikishe nukta za kanda zote mbili zimeingizwa kwenye bapa moja. Kompyuta ikiachwa itengeneze bapa mbili, itarudia kosa lililolipitisha bamba la pili.

Fremu

Vipimo vyote hivi ni vya bamba likiwa huru. Likifungwa, fremu nayo huingia kwenye hesabu. Bamba hili lililoshikwa kwenye ncha na kusukumwa katikati huhitaji takriban kilonewtoni 8 ili lipinde 0.1, ilhali bolti moja ya M10 iliyokazwa sawasawa huvuta zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo fremu yenye pembe moja iliyo chini kwa 0.1 italisokota bamba jema hadi liwe kama lile la pili, na hakuna kisanduku kwenye mchoro wa bamba kinachoweza kulizuia. Nyuso nne za fremu zinazoipokea A zilipewa kwenye mchoro wa fremu tolaransi ya ubapa wa pamoja ya 0.03, sawa na ya A. Wakati wa kufunga, bolti tatu hukazwa kwanza, saa huwekwa juu ya ukanda kwenye pembe ya nne, kisha bolti ya mwisho hukazwa taratibu. Sindano ikishuka zaidi ya maikroni 10, bolti hulegezwa na pembe hiyo huwekewa shimu yenye unene uliosomwa.